Nilimwambia afupishe, akakata sentensi iliyohitajika

Mwenzangu mmoja kazini aliniletea rasimu ya barua pepe iliyokuwa iende kwa wateja wetu wote. Tulikuwa tunahamia mfumo mpya wa ankara na ule wa zamani ulikuwa unafungwa. Ankara za zamani hazikuwa zinahamishwa, kwa hiyo kila mteja alitakiwa aingie mwenyewe kwenye akaunti yake apakue nakala zake mapema. Nilisoma rasimu ile nikiwa na haraka ya kikao, nikamjibu kwa mstari mmoja: "Dada, ni nzuri ila ndefu. Ifupishe, na ulainishe lugha kidogo."

Rasimu yenyewe ilikuwa hivi:

> Mada: Taarifa kuhusu maboresho ya mfumo
>
> Ndugu Wateja,
>
> Katika jitihada zetu za kuendelea kuboresha huduma, kwa miezi 8 iliyopita tumekuwa tukijenga mfumo mpya wa ankara utakaowawezesha kuona malipo yenu kwa urahisi zaidi.
>
> Mfumo mpya una ukurasa mmoja wa malipo yote, unatuma vikumbusho kabla ya tarehe ya kulipa, na unafunguka vizuri kwenye simu.
>
> Kama tulivyowaeleza mara kadhaa, mfumo wa zamani utafungwa Ijumaa tarehe 14, saa 11 jioni. Ankara zilizomo hazitahamishwa kwenye mfumo mpya. Wateja wote lazima wapakue nakala za ankara zao kabla ya muda huo.
>
> Tunawashukuru kwa ushirikiano wenu.

Saa moja baadaye rasimu ya pili ikarudi, na kweli ilikuwa fupi na laini. Aya mbili za mwanzo zilikuwa zimepunguzwa neno hapa na neno pale. Aya ya tatu ndiyo iliyobadilika sana. Sasa ilisomeka: "Mfumo wa zamani utafungwa Ijumaa tarehe 14, saa 11 jioni. Mkipenda, mnaweza kupakua nakala za ankara zenu kabla ya muda huo." Sentensi ya kwamba ankara hazitahamishwa ilikuwa imeondoka. Neno "lazima" nalo lilikuwa limeondoka.

Barua ile kama ingetoka, mteja angesoma kwamba kupakua ni hiari, na asingejua kuwa asipofanya hivyo ankara zake hatazipata tena. Nilikasirika kwa muda mfupi, kisha nikarudi kusoma maoni yangu mwenyewe, hasira ikaisha. Mwenzangu alikuwa amefanya kila nilichomwambia. Niliomba ufupi, akatafuta sentensi ambayo barua inaweza kusimama bila yake kisarufi, na ile ya "hazitahamishwa" ilikuwa inatoka bila kuacha pengo. Niliomba ulaini, akatafuta neno kali kuliko yote kwenye ukurasa, akalikuta "lazima". Mtu makini, akipewa maneno yale, angefika hapohapo alipofika yeye.

Tangu siku ile nimefikiria sana jambo hili, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma barua za wengine kabla hazijatoka. Na ninaamini kosa langu ndilo kosa linalofanywa mara nyingi kuliko yote: nilimpa mwandishi dawa bila kumweleza ugonjwa, na dawa yenyewe niliichagua kwa kukisia.

Hebu turudi kwenye neno "ndefu". Rasimu ile ilikuwa na maneno machache tu, chini ya 100. Hakuna mteja anayeshindwa kusoma maneno 100. Kwa nini basi mimi niliiona ndefu? Nilipojichunguza nikagundua kwamba nilikuwa nimesoma aya mbili nzima bila kujua natakiwa kufanya nini, na ile subira ndiyo niliyoiita urefu. Shida ilikuwa mpangilio. Ombi lilikuwa limekaa aya ya tatu, nyuma ya historia ya mradi na sifa za mfumo mpya. Ungeweza kuifupisha rasimu ile mpaka ibaki na nusu ya maneno yake, na kama ombi lingebaki mwishoni, bado msomaji angehisi kuwa ni ndefu. Kinyume chake, ombi likihamia juu, aya za sifa zinaweza kubaki chini kama zilivyo bila kumsumbua mtu, kwa sababu msomaji aliyekwisha kupata lake yuko huru kuacha.

Neno "lainisha" lilikuwa na hali hiyohiyo. Kuna kitu kilinichoma niliposoma, hilo ni kweli. Lakini hakikuwa "lazima". Kilikuwa "kama tulivyowaeleza mara kadhaa". Maneno yale yanamwambia mteja kwamba ameshapuuza barua zetu, na huenda hii ndiyo ya kwanza kuifungua. Neno "lazima" lenyewe halina ukali wowote likiwa na sababu yake kando: lazima upakue, kwa sababu hazitahamishwa. Mwenzangu alipoondoa sababu na kulegeza neno, ile lawama ilitoka pia, lakini ilitoka kwa bahati tu, na uzito wa barua ukatoka nayo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachofanya sasa, kabla ya kuandika maoni yoyote, ni kurudi mahali hasa nilipohisi kitu. Naweka kidole kwenye sentensi. Nilisita wapi? Nilirudia kusoma wapi? Niliruka wapi? Kisha namwandikia mwandishi kile kilichonipata pale kama msomaji, kwa maneno ya kawaida. "Nilifika aya ya tatu ndipo nikajua natakiwa kufanya kitu" ni maoni anayoweza kuyafanyia kazi, kwa sababu yanamwonyesha pengo na kumwachia yeye njia ya kuliziba. Anaweza kuhamisha ombi, anaweza kulitaja kwenye mada, anaweza kukata utangulizi wote. Njia yoyote atakayochagua, ana kipimo cha kujua kama amefanikiwa: msomaji anajua mapema au hajui. "Ifupishe" haina kipimo cha namna hiyo. Ukikata neno moja umefupisha, ukikata yote umefupisha.

Kitu cha pili, ambacho kwangu kimebadilisha zaidi kuliko chochote, ni kuandika kazi ya barua kwa sentensi moja juu kabisa ya maoni. Msomaji akimaliza kusoma barua hii, atafanya nini na kabla ya lini? Nikishindwa kuiandika sentensi hiyo, sina haki bado ya kutoa maoni, kwa sababu sijui naipima rasimu kwa kitu gani. Na mara nyingine nikiiandika, mwandishi ananijibu: "Kumbe! Mimi nilidhani tunatangaza mfumo mpya." Hilo ndilo lililotokea kwa mwenzangu. Mada yake ilikuwa "Taarifa kuhusu maboresho ya mfumo", na kwa barua ya kutangaza mfumo, mpangilio wake ulikuwa sahihi kabisa: habari njema kwanza, sifa zikifuata, na maelezo ya kufunga mwishoni. Alikuwa ameandika vizuri barua nyingine. Hakuna maoni ya sentensi kwa sentensi ambayo yangemfikisha kwenye barua tuliyoihitaji, mpaka tukubaliane kwanza kuwa barua ni ipi.

Nilikaa nikaandika maoni upya. Nayaweka hapa karibu yote, kwa sababu umbo lake ndilo ninalolitumia hadi leo:

> Dada, samahani, maoni yangu ya kwanza yalikupeleka siko. Rudi kwenye rasimu ya kwanza, tuanzie pale.
>
> Kazi ya barua: mteja akimaliza kuisoma aingie kwenye akaunti yake na kupakua ankara zake kabla ya Ijumaa tarehe 14, saa 11 jioni.
>
> Lazima: nilifika aya ya tatu ndipo nikajua natakiwa kufanya kitu. Anayesoma kwenye simu anaweza kuwa ameshaiacha. Mada nayo haisemi kwamba kuna kitu cha kufanya.
>
> Lazima: "kama tulivyowaeleza mara kadhaa" ilinifanya nihisi nalaumiwa, na sikumbuki kupata barua nyingine.
>
> Visiguswe: neno "lazima", na sentensi ya kwamba ankara hazitahamishwa. Hizo mbili ndizo zinazomfanya mteja asiahirishe.
>
> Hiari: aya ya sifa za mfumo mpya. Ikibaki chini haina ubaya, ikitoka pia sawa. Amua wewe.
>
> Swali, nahitaji jibu na sio mabadiliko: mteja anapakua moja moja au zote kwa pamoja?

Sehemu ya "visiguswe" ndiyo niliyochelewa kujifunza. Wengi wetu tunaanza maoni kwa "ni nzuri ila", na lile "nzuri" ni adabu tu, halibebi habari. Mwandishi anajua hivyo, kwa hiyo anaruka moja kwa moja hadi kwenye "ila". Matokeo yake ni kwamba hajui kipi kilikuwa kinafanya kazi, na anapofanya marekebisho anaweza kukibomoa bila kujua, kama ilivyotokea kwa ile sentensi. Sifa ikitajwa kwa mahali pake na kwa sababu yake inakuwa agizo kamili: hapa usiguse, na hii ndiyo kazi inayofanyika hapa. Nasifia kidogo kuliko zamani, lakini kila sifa ina kazi.

Alama za "lazima", "hiari" na "swali" zinaondoa mateso ya namna nyingine. Nimeona watu wakipokea maoni kama "Je, aya hii inahitajika kweli?" kutoka kwa bosi, wakaiondoa aya kwa hofu, wakati bosi alikuwa anauliza tu. Na nimeona kinyume chake, mwandishi akajibu "ndiyo, inahitajika" kwa moyo mweupe, huku aliyeuliza alikuwa anaagiza kwa upole. Katika Kiswahili tuna heshima nyingi katika kuomba, na ni jambo zuri, lakini kwenye maoni ya rasimu heshima inayoficha uzito wa neno inamchosha aliye chini yako. Neno moja mbele ya kila maoni linatosha. Na nikijikuta nimeandika "lazima" zaidi ya tatu, nasimama. Ama kazi ya barua haijaeleweka, na hapo tunahitaji kuongea dakika tano kuliko kuandikiana, au nimeanza kuiandika barua kwa sauti yangu.

Hapo kwenye sauti niongeze kidogo. Kuna makosa ambayo napaswa kuyasahihisha mwenyewe moja kwa moja: tarehe isiyo sahihi, jina la mfumo, kiungo kisichofunguka, tahajia. Kumwandikia mtu "angalia tena tarehe" wakati ninaijua tarehe ni kumpotezea muda. Lakini sentensi ambayo mimi ningeiandika tofauti na yeye ameiandika kwa namna inayofikisha ujumbe, naiacha. Nikianza kubadilisha maneno yake kwa maneno yangu, rasimu inayofuata atakuwa anakisia ladha yangu, ataacha kumfikiria mteja.

Na tahajia naigusa mwisho. Ukisahihisha herufi na alama za mkato kwenye aya ambayo huenda itaondoka, umemwambia mwandishi bila kusema kwamba aya hiyo inabaki. Anapofungua rasimu na kukuta masahihisho 12 mekundu kwenye aya ya pili na maoni moja juu ya mpangilio, macho yake yanaenda kwenye wekundu. Atarekebisha yote 12 kwa sababu ni rahisi na yanaonekana, kisha atahisi amemaliza. Mzunguko wa kwanza nauacha kwa kazi ya barua na mpangilio wake. Herufi zinasubiri rasimu ambayo tumeshakubaliana itakwenda.

Yapo mazingira ambayo maoni, hata yakiandikwa vizuri namna gani, hayawezi kurekebisha kitu, na ni vizuri kuyatambua mapema. Katika barua hii hii, swali langu la mwisho lilifungua jambo. Mwenzangu alijibu kwamba kupakua zote kwa pamoja kulikuwa kunawezekana kwa baadhi ya akaunti, na kwa nyingine mafundi walikuwa hawajaamua kama watawasha kitufe hicho. Ndipo nikaelewa kwa nini rasimu zote mbili hazikusema popote mteja abonyeze wapi. Nilikuwa karibu kuandika "eleza hatua kwa uwazi zaidi", na yeye angeandika tena na tena maneno ya kuzungukazunguka, kwa sababu hakukuwa na ukweli wa kueleza. Ukungu ulikuwa kwenye uamuzi, maandishi yaliurithi tu.

Dalili yake ni rahisi kuiona ukishaijua. Sehemu ileile inabaki na ukungu baada ya rasimu mbili, huku sehemu nyingine zikiboreka. Maneno kama "hivi karibuni", "kwa utaratibu utakaotolewa", "inapowezekana" yanahamahama lakini hayaondoki. Nikiyaona, siombi rasimu ya tatu. Namuuliza mwandishi, "Nani bado hajaamua?" Kisha naenda mimi kwa huyo mtu, kwa sababu mara nyingi mwandishi hana nguvu ya kumlazimisha aamue. Safari hii nilikwenda kwa mafundi, wakawasha kitufe kwa akaunti zote siku hiyo hiyo.

Hali nyingine ni pale watoa maoni wanapokuwa wengi. Mmoja anataka sababu za kiufundi ziongezwe, mwingine anataka zitoke, na mwandishi anabaki katikati akijaribu kuwaridhisha wote kwa sentensi moja iliyopindapinda. Anayesimamia barua anapaswa kuyapokea maoni yote yeye, ayapime kwa ile sentensi ya kazi ya barua, na kumpa mwandishi orodha moja isiyopingana. Yanayopingana ayamalize na wenyewe kabla hayajamfikia. Sina njia nyingine niliyoiona ikifanya kazi.

Rasimu ya tatu ilirudi kabla ya mwisho wa siku. Namna ninavyosoma rasimu iliyorekebishwa nayo imebadilika. Zamani nilikuwa nafungua maoni yangu upande mmoja na rasimu upande mwingine, natia alama: hili amefanya, hili amefanya. Ukisoma hivyo, ile rasimu ya pili ilikuwa inafaulu kabisa, maana ilikuwa fupi na ilikuwa laini. Sasa nasoma rasimu mpya peke yake kwanza, kwenye simu, kama mteja, na najiuliza tu kama ningejua cha kufanya. Baada ya hapo ndipo naiweka kando ya ile ya awali na kutafuta kilichopotea, kwa sababu kilichoongezwa kinajionyesha chenyewe, lakini kilichoondolewa hakiachi alama.

Mwanzo wake sasa ulikuwa hivi:

> Mada: Pakua ankara zako kabla ya Ijumaa tarehe 14, saa 11 jioni
>
> Ndugu Mteja,
>
> Mfumo wa zamani wa ankara utafungwa Ijumaa tarehe 14, saa 11 jioni. Ankara zilizomo hazitahamishwa kwenye mfumo mpya, kwa hiyo ni lazima upakue nakala zako kabla ya muda huo. Ingia kwenye akaunti yako, fungua ukurasa wa Ankara, kisha bonyeza "Pakua zote".

Kitendo kilikuwa neno la kwanza kabisa la mada, na hilo ni muhimu kwa sababu orodha ya barua kwenye simu huonyesha maneno machache ya mwanzo na kukata yanayobaki. "Ndugu Wateja" ilikuwa imegeuka "Ndugu Mteja", na "wapakue" ikawa "upakue", mabadiliko ambayo sikuyaomba na ambayo yanamfanya msomaji ajue kuwa anaambiwa yeye. Aya ya sifa aliipunguza hadi sentensi moja, akaiweka chini.

Lakini kilichonifurahisha kilikuwa kwenye ujumbe aliouambatanisha. Aliandika kwamba baada ya kusoma ile sentensi ya kazi ya barua, alikwenda kuangalia orodha ya wapokeaji, akakuta wamo wateja wapya ambao hawana ankara hata moja kwenye mfumo wa zamani. Kwao barua ile ingekuwa hofu ya bure na simu nyingi kwetu. "Kaka, nimewatoa," aliandika. "Hao nimewaandikia nyingine, ina mistari miwili tu. Iko chini hapo, nayo uiangalie."

Niliiangalia. Maoni yangu yalikuwa moja, hiari, na hakuyafuata.